Moto, udongo, upepo na maji: namna ya kupiga hesabu ya nyota za wapenzi wawili na kuisoma

Maswali mawili hunifikia kila mara. La kwanza: "Nyota yangu ni ya moto, ya mwenzangu ni ya maji, je, tuachane?" La pili: "Nimehesabu mara mbili nimepata nyota mbili tofauti, ipi ni yangu?" Mara nyingi anayeuliza la kwanza hajajiuliza la pili. Ameshaanza kulia kwa sababu ya moto na maji, kumbe jina la mpenzi wake liliandikwa vibaya na mtu si wa maji kabisa. Ndiyo maana nimeandika mwongozo huu kwa mpangilio: hesabu kwanza, tena kwa uangalifu, halafu usomaji.

Ninachoeleza ni hesabu ya majina kwa abjadi, yaani kila herufi ya Kiarabu na namba yake, ile ya jina la mtu na jina la mama yake, kama inavyopigwa pwani yetu. Mimi nilifundishwa na mjomba wangu Tanga, kwenye daftari la mistari. Kuna njia nyingine ya tarehe ya kuzaliwa, ile ya magazetini na redioni ambayo Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki 2011, aliifanya ijulikane karibu kila nyumba Tanzania. Hiyo nitaigusa mwishoni, kwa wale ambao hesabu ya majina haiwafai.

Jambo moja niliseme mapema. Masheikh wengi wanakataza kutabiri kwa nyota, ingawa falaki ya kutafuta kibla na kupanga kalenda wanaikubali. Kila msomaji atajua pa kusimama. Mimi siitumii hesabu hii kufunga wala kuvunja posa. Naitumia kuwauliza wawili namna wanavyogombana na namna wanavyopatana, na kwa kazi hiyo nimeona inasaidia.

Uwe na nini kabla ya kuanza

Uwe na majina manne: lako, la mama yako, la mpenzi wako, na la mama yake. Uwe na kalamu na karatasi. Simu itakusaidia kujumlisha, lakini kwenye kugawanya huwapotosha wengi, nitaeleza kwa nini. Kama husomi herufi za Kiarabu, tafuta mtu mmoja aliyepita chuo cha Kurani akuandikie yale majina manne. Dakika kumi za mtu huyo ni muhimu kuliko kitu kingine chochote hapa.

Na uwe na orodha hii ya thamani za herufi. Iandike kwenye karatasi uiweke mbele yako:

- Mamoja: alifu 1, be 2, jimu 3, dali 4, he (nyepesi) 5, wau 6, ze 7, ha ya kooni 8, ta nzito 9.
- Makumi: ye 10, kafu nyepesi 20, lamu 30, mimu 40, nuni 50, sini 60, aini 70, fe 80, sadi 90.
- Mamia: kafu nzito ya nukta mbili 100, re 200, shini 300, te 400, the 500, kha 600, dhali 700, dhadi 800, dha 900. Ghaini peke yake ni 1000.

Hii ni abjadi ya mashariki. Ya Maghribi inatofautiana katika herufi sita: sini, sadi, shini, dhadi, dha na ghaini. Ukikuta kitabu kinachosema shini ni 1000, hicho ni cha Maghribi. Chagua orodha moja ubaki nayo kwa majina yote manne.

Hatua za kazi

1. Uliza majina kamili, na uyaulize vizuri.

Jina linalotakiwa ni lile alilopewa mtu alipozaliwa. Jina la utani halimo, wala jina la ukoo. Kwa mama vilevile: wengi wakiulizwa mama yao anaitwa nani hujibu "Mama Abuu" au "Bi Mkubwa", kwa sababu ndivyo wanavyomsikia akiitwa maisha yao yote. Muulize mama mwenyewe au dada yake.

Kosa la kawaida: kutumia jina la baba. Kwenye vyeti tunaandikwa kwa baba, kwa hiyo mkono unakwenda huko wenyewe. Katika hesabu hii baba haingii. Wenyewe husema mama ndiye asiye na shaka.

Kwa mfano wetu nitatumia majina ya kawaida tu: Salimu, mama yake Mariamu, na Zainabu, mama yake Rukia.

2. Yaandike kwa herufi za Kiarabu kabla ya kugusa namba yoyote.

Hapa ndipo hesabu nyingi huharibika. Kiswahili kimeyalainisha majina ya Kiarabu mpaka mengine yamefanana. Chukua Salimu. Kwa Kiarabu kuna mawili. La kwanza linavutwa mwanzoni, Saalim, na huandikwa sini, alifu, lamu, mimu. La pili linavutwa mwishoni, Saliim, na huandikwa sini, lamu, ye, mimu. Sisi huwaita wote wawili Salimu, na herufi moja imebadilika.

Usikisie. Muulize mhusika mwalimu wake wa chuo alimwandikaje kwenye ubao, au muulize aliyempa jina alikusudia lipi. Kama hakuna anayejua, hesabu yote mawili uyaweke kando kwa kando.

Irabu fupi hazihesabiwi. "Mariamu" ni mimu, re, ye, mimu, basi. Zile a, i na u tunazozitamka hazina herufi zake. Zinazohesabiwa ni zile za kuvuta, yaani alifu, wau na ye zikiandikwa. Herufi yenye shada, yaani alama ya kuikaza, nayo huhesabiwa mara moja, kwa hiyo ile ye ya Rukia ni moja tu.

Majina ya kike yanayoishia na te ya mviringo, kama Rukia, Halima na Fatuma, yana ubishi wake. Mimi nilifundishwa kuihesabu kama he, yaani 5. Wapo wanaoihesabu kama te, 400. Nitakuonyesha baadaye kidogo tofauti inayotokea.

3. Jumlisha jina la mtu na jina la mama yake.

Salimu (Saalim): sini 60, alifu 1, lamu 30, mimu 40. Jumla 131.
Mariamu: mimu 40, re 200, ye 10, mimu 40. Jumla 290.
Wote wawili: 131 + 290 = 421.

Zainabu: ze 7, ye 10, nuni 50, be 2. Jumla 69.
Rukia: re 200, kafu nzito 100, ye 10, he 5. Jumla 315.
Wote wawili: 69 + 315 = 384.

Usijumlishe 421 na 384. Kila mpenzi ana hesabu yake. Zipo hesabu nyingine zinazochanganya majina ya wapenzi wote wawili, lakini hazitoi asili ya moto, udongo, upepo au maji, na ukiziingiza hapa utapata kitu ambacho hakina jina.

4. Gawanya kwa 12 uchukue baki.

Kinachotakiwa ni kilichobaki, si jawabu la kugawanya. Ukiiandikia simu 421 ÷ 12 itakuletea 35.08 na desimali nyingine, na hapo watu husema nyota yao ni ya nane kwa sababu wameona 8. Fanya hivi: chukua 35 peke yake, zidisha kwa 12 upate 420, kisha toa kwenye 421. Baki ni 1.

Kwa Zainabu, 384 ÷ 12 ni 32 kamili, hakuna kilichobaki. Baki likiwa sifuri, nyota ni ya 12. Nimeshaona watu wakiambiwa "huna nyota" kwa sababu ya sifuri hii. Kila mtu katika hesabu hii ana nyota.

5. Tazama nyota na asili yake.

Moto: 1 Hamali (Kondoo, magazetini Punda), 5 Asadi (Simba), 9 Kausi (Mshale).
Udongo: 2 Thauri (Ng'ombe), 6 Sumbula (Mashuke), 10 Jadi (Mbuzi).
Upepo: 3 Jauza (Mapacha), 7 Mizani, 11 Dalu (Ndoo).
Maji: 4 Saratani (Kaa), 8 Akrabu (Nge), 12 Hutu (Samaki).

Salimu ana baki 1, basi ni Hamali, asili ya moto. Zainabu ni 12, Hutu, asili ya maji.

Angalizo kwa wanaodanganywa na picha: Ndoo ni upepo, ingawa amebeba maji. Nge ni maji, ingawa tunamjua wa nchi kavu. Fuata namba.

6. Hakiki kwa 4.

Hii niliifurahia sana nilipofundishwa. Chukua tarakimu mbili za mwisho za jumla, ugawanye kwa 4. Baki 1 ni moto, 2 udongo, 3 upepo, na bila baki ni maji. Kwa Salimu, 21 ukigawanya kwa 4 inabaki 1, moto. Kwa Zainabu, 84 haibakishi kitu, maji. Jawabu lisipolingana na la hatua ya 5, umekosea kugawanya mahali fulani. Rudi nyuma.

Sasa ona uzito wa ile hatua ya 2. Kama Salimu ni Saliim, herufi zake ni 60, 30, 10 na 40, jumla 140. Ongeza 290 ya mama, upate 430. Toa 420, baki 10. Huyo ni Jadi, mtu wa udongo. Na kama te ya Rukia ungeihesabu 400 badala ya 5, jumla ya Zainabu ingekuwa 779, baki 11, Dalu, mtu wa upepo. Wapenzi ni walewale wawili, na ndani ya herufi mbili wanaweza kuwa moto na maji, udongo na maji, moto na upepo, au udongo na upepo. Yaani wanaweza kuwa karibu chochote. Kwa hiyo mtu akikuletea jawabu bila kukuonyesha herufi alizoandika, muombe karatasi yake kwanza.

7. Linganisha joto na unyevu.

Nadharia yenyewe ni fupi. Kila asili ina tabia mbili, mpangilio uliotoka kwa Wayunani, kwa Aristotle, ukapita kwa wanajimu wa Kiarabu mpaka kwetu:

- Moto ni joto na ukavu.
- Upepo ni joto na unyevu.
- Maji ni baridi na unyevu.
- Udongo ni baridi na ukavu.

Wenye asili moja wanashirikiana tabia zote mbili. Moto na upepo wanashirikiana joto, udongo na maji wanashirikiana baridi. Hizi ndizo jozi zinazoitwa za kupatana. Moto na udongo wanashirikiana ukavu tu, upepo na maji wanashirikiana unyevu tu. Hapa pana msuguano, lakini pana pa kushikia. Moto na maji hawashirikiani kitu, wala udongo na upepo.

Njia ya mkato: namba za nyota zikiwa zote witiri au zote shufwa, jozi ni nyepesi. Moja ikiwa witiri na nyingine shufwa, kuna msuguano. Salimu 1 na Zainabu 12: witiri na shufwa, na kwa tabia hawana hata moja ya pamoja. Ni moja ya jozi mbili ngumu kuliko zote kwa hesabu hii.

8. Isome jozi.

Zile nyepesi hazihitaji maneno mengi. Upepo huuamsha moto, na mtu wa moto hujiona mkubwa zaidi akiwa na mtu wa upepo. Wanachelewa kugundua kuwa hakuna kati yao aliyekumbuka kulipa kodi ya nyumba. Udongo hutunza maji kama kisima, wanaaminiana kimya kimya. Maji yakizidi udongo huwa tope, yaani mmoja analemewa na huzuni ya mwenzake na anashindwa kusema.

Wenye asili moja wasijipongeze haraka. Wawili wa moto hupandana sauti kwa sababu ya rimoti, dakika ishirini baadaye wanacheka, na jirani bado anatetemeka. Wawili wa udongo wanaweza kununiana wiki nzima kila mmoja akisubiri mwenzake aanze. Wawili wa upepo huongea jambo mpaka likawa limekwisha midomoni bila kutendwa. Wawili wa maji huumia pamoja, na jeraha la mmoja huwa la wote wawili.

Moto na udongo ni kama chungu tanuruni. Udongo bila moto hubaki laini, na chungu kisichochomwa hakibebi maji. Lakini mfinyanzi akiharakisha moto chungu hupasuka. Ukisoma jozi hii, tazama kasi: mwenye moto anataka harusi mwezi ujao, mwenye udongo bado anahesabu viti. Upepo na maji ni bahari ya kusi. Anayejua kupanga tanga husafiri mbali, asiyejua hutapika. Mwenye upepo anaeleza hisia kwa maneno, mwenye maji anahisi maelezo hayo yamemkausha.

Sasa nikae kidogo kwenye zile mbili ngumu, kwa sababu ndizo zinazoleta machozi.

Udongo na upepo wakikosana huwa vumbi: kila mtu amefunga macho na hakuna anayemwona mwenzake. Mwenye udongo hupima penzi kwa vitendo vinavyorudiwa, amekuja saa aliyosema, ameleta alichoahidi. Mwenye upepo hupima kwa mazungumzo, ameniuliza siku yangu ilikuwaje, amecheka nilipochekesha. Basi mmoja anafanya kazi siku nzima kwa ajili ya mwenzake halafu anaambiwa hajali, na mwingine anatuma ujumbe kumi kwa siku halafu anaambiwa ni maneno matupu. Wote wawili wanapenda. Ninachowauliza jozi hii ni kimoja: taja kitu kimoja mwenzako alichokufanyia wiki hii. Kama mmoja anataja vitendo tu na mwingine maneno tu, hesabu imegusa mahali pake.

Moto na maji ndio wanaoogopwa zaidi. "Maji yatamzima," husema watu, au "moto utamkausha." Lakini nenda jikoni kwa mama yeyote saa hizi. Moto uko chini, maji yako juu, na wali unaiva. Moto haukuzimika na maji hayakuisha, kwa sababu katikati kuna sufuria. Toa sufuria, mwaga maji kwenye mafiga, utapata moshi na jivu.

Kwa hiyo kwa jozi hii swali langu huwa: sufuria yenu ni nini? Namaanisha kitu cha kudumu kinachokaa kati yao wakati wa ugomvi, ambacho hakuna kati yao anayekiondoa. Rudi kwa Salimu na Zainabu. Salimu amekasirika saa tatu usiku na anataka yaishe saa tatu na nusu. Zainabu akisikia sauti imepanda hunyamaza, anakwenda kulala, na siku ya tatu anarudisha jambo pamoja na mengine mawili ya zamani. Salimu anaona anafichwa, Zainabu anaona anachomwa. Sufuria yao inaweza kuwa mapatano ya aina hii: la usiku halizungumzwi usiku, ila baada ya chai ya asubuhi ni lazima lizungumzwe. Salimu amelazimika kungoja kwa muda wa saa kumi, Zainabu amelazimika kutofikisha siku ya tatu. Kila mmoja ameacha kitu.

Na kama Salimu yetu ni Saliim wa udongo? Basi tungesubiri kuona kitu kingine kabisa: wote wawili wananyamaza, nyumba imetulia, na wageni wanasema mnapendana sana, kumbe kuna jambo la mwaka jana halijasemwa. Hapo swali lingekuwa nani ataanza kusema, na lini.

9. Pima usomaji kwa magomvi matatu ya kweli.

Hatua hii watu huiruka, nami naiona ni ya lazima. Mkae wawili, mkumbuke magomvi yenu matatu ya mwisho. Kwa kila moja jibuni: nani aliongea kwanza, nani aliondoka au kunyamaza, na ilichukua muda gani mpaka mkapatana. Andikeni. Halafu linganisheni na jozi yenu. Kama mawili kati ya matatu yanafanana na usomaji, endeleeni kuutumia. Kama hakuna hata moja, wekeni hesabu kando na mshughulikie yale matatu mliyoyaandika, hayo ni yenu hakika.

Yasikupate haya

Usimwambie mpenzi wako "wewe ni moto ndiyo maana hufai" katikati ya ugomvi. Nimeona uchumba mmoja ukivunjika hivyo, na hesabu yenyewe ilikuwa ya tarakimu zilizogawanywa vibaya.

Usivunje kitu kwa sababu ya jozi ngumu. Fanya hesabu ndogo: asili ziko nne, na kama watu wangegawanyika sawasawa, kwa kila jozi nne mbili zingekuwa na msuguano. Yaani nusu ya wanandoa wote unaowajua, pamoja na wazee waliozeeka pamoja barazani, wangeangukia upande huo. Jozi nyepesi nazo huachana.

Usitoe pesa ya "kusafisha nyota" au "kupatanisha asili". Nyota ya hesabu hii imetoka kwenye herufi za majina. Haina uchafu wa kuoshwa, na anayekuambia moto wako utageuzwa maji kwa kuku wawili na laki moja hajui hesabu au anakuibia.

Ukikwama

*Hesabu mbili, nyota mbili.* Karibu kila mara ni tahajia ya jina au te ya mviringo. Weka majina yote mawili mezani uone ni herufi ipi iliyobadilika. Ukishindwa kuamua, tumia magomvi matatu ya hatua ya 9 kuchagua, na ukubali kuwa umechagua.

*Jina si la Kiarabu.* Upendo, Wanjiku, Grace. Unaweza kuyaandika kwa sauti, lakini herufi kama p, v na ch hazina thamani kwenye abjadi, na kila mtu ataziba pengo kwa namna yake. Kwa majina haya nashauri tarehe ya kuzaliwa. Moto: Machi 21 hadi Aprili 19, Julai 23 hadi Agosti 22, Novemba 22 hadi Desemba 21. Udongo: Aprili 20 hadi Mei 20, Agosti 23 hadi Septemba 22, Desemba 22 hadi Januari 19. Upepo: Mei 21 hadi Juni 20, Septemba 23 hadi Oktoba 22, Januari 20 hadi Februari 18. Maji: Juni 21 hadi Julai 22, Oktoba 23 hadi Novemba 21, Februari 19 hadi Machi 20. Aliyezaliwa siku ya mpakani atazame mwaka wake hasa, kwa sababu jua huingia nyota mpya siku moja mbele au nyuma kulingana na mwaka.

*Mmoja ana jina la Kiarabu, mwingine hana.* Tumieni tarehe kwa wote wawili. Kumhesabu mmoja kwa jina la mama na mwingine kwa mwezi ni kupima unga kwa kibaba na sukari kwa mita.

*Tarehe kwenye cheti ni Januari 1.* Kwa watu wengi tarehe hii iliwekwa kwa sababu siku halisi haikujulikana. Ukiifuata, wote hao watakuwa Jadi. Muulize mama: ulikuwa msimu wa mvua gani, karibu na sikukuu ipi? Ukipata mwezi tu umepata mwanzo, ukikosa rudi kwenye majina.

*Amebadili jina.* Aliyesilimu ukubwani, au aliyebadilishiwa jina utotoni kwa sababu ya maradhi, ana majina mawili. Wapo wanaofuata la kwanza, wapo wanaofuata lile analoitikia. Mimi hutumia analoitikia, na naliandika juu ya karatasi ili atakayeikagua baadaye ajue.

*Jina la mama halijulikani.* Aliyelelewa bila kumjua mama asilazimishwe kuchimbua maumivu kwa ajili ya hesabu. Wapo wanaoweka jina la Hawa mahali pa mama: ha ya kooni 8, wau 6, alifu 1, pamoja na hamza ya mwisho inayohesabiwa kama alifu, 1, jumla 16. Ukiiacha ile hamza jumla inakuwa 15 na asili inabadilika, kwa hiyo andika umefuata ipi.

*Usomaji haufanani na mimi hata kidogo.* Kagua herufi, kagua baki, kagua kwa 4. Vyote vikiwa sawa na bado hufanani, amini unavyojijua.